Kuwataja Watendaji Wengi katika Utangulizi wa Kitabu: Mfano wa Faharasa ya Istilahi za Uvuvi wa Ziwa Tanganyika

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kuwataja na kuwashukuru watu wengi ndani ya utangulizi wa kazi ya pamoja pasipo utangulizi huo kugeuka orodha ya mahudhurio. Data yake ni rasimu mbili za utangulizi wa faharasa ndogo ya istilahi za uvuvi, iliyotayarishwa na watu 41 katika mialo ya Kigoma, Rumonge na Uvira. Inadaiwa kwamba jina hushukuriwa linapoingia katika maelezo ya kazi kama mtenda wa tendo mahususi, na kwamba uamuzi wa nani atajwe wapi hauwezi kufanywa siku ya kuandika utangulizi, bali hutegemea kumbukumbu zilizowekwa tangu kazi ilipoanza.

1.0 Utangulizi

Yeyote aliyehudhuria hafla katika nchi zetu ameisikia kauli "itifaki imezingatiwa". Msemaji huitamka, ukumbi ukacheka kidogo au ukapiga makofi ya shukrani, na wageni ishirini wa meza kuu wakawa wametajwa bila kutajwa. Mwandishi wa utangulizi wa kitabu hana kauli ya namna hiyo. Iliyo karibu nayo ni "na wengine wote ambao hatuwezi kuwataja kwa majina", nayo haina ukarimu wa ile ya ukumbini, kwa kuwa aliye ukumbini huonekana ameketi, ilhali aliyeachwa kitabuni haonekani popote.

Ni vyema kubainisha mapema sehemu inayozungumziwa. Dibaji aghalabu huandikwa na mtu mwingine asiyekuwa mwandishi wa kitabu. Tabaruku ni mistari michache ya kumtunukia mtu kazi. Ukurasa wa shukrani unaosimama peke yake ni mali ya mwandishi na watu wake, na msomaji ana hiari ya kuuruka. Utangulizi ni tofauti, hasa katika kamusi, faharasa, tafsiri na mikusanyo ya fasihi simulizi. Humo msomaji anataka kujua data ilitoka wapi, nani aliikusanya, nani aliihakiki na kwa utaratibu gani. Maswali hayo yote majibu yake ni watu. Kwa hiyo majina hayawezi kuondolewa katika utangulizi na kusukumwa ukurasa mwingine bila kuondoa sehemu ya maelezo ya mbinu.

2.0 Rasimu ya Kwanza

Faharasa inayojadiliwa hapa ilihusisha wahariri 3, wakusanyaji data 6, watoa taarifa 19 ambao ni wavuvi, mafundi wa nyavu na wachuuzi, wataalamu 4 wa samaki, wasomaji 5 wa miswada, wachoraji 2, mhasibu na dereva. Utangulizi wake ulipoandikwa mara ya kwanza, aya ya tatu ilisomeka hivi (majina yote katika makala haya ni ya kubuni, yamewekwa badala ya majina halisi):

"Awali ya yote tunamshukuru Mkurugenzi kwa mchango wake mkubwa. Pili, tunatoa shukrani zetu za dhati kwa Profesa Ilunga, Dkt. Nahimana na Dkt. Mwakalinga kwa ushirikiano wao usio kifani. Aidha, tunawashukuru wakusanyaji data wetu, Bi. Chausiku, Bw. Nduwimana na wenzao, kwa kujitoa kwa hali na mali. Vilevile, hatuwezi kumsahau Bi. Zuhura, ambaye kwa namna moja ama nyingine alifanikisha kazi hii."

Aya iliendelea hivyo kwa ukurasa mmoja na nusu. Neno "shukuru" na ndugu zake lilijitokeza mara 17. Tulipofika mwisho tuliandika "mwisho lakini si kwa umuhimu", kauli ambayo nadhani hakuna aliyewahi kuiandika isipokuwa mbele ya jina la mtu aliyemfikiria mwisho.

Tatizo la aya hii halitokani na wingi wa majina peke yake. Lipo jaribio rahisi la kulibaini: yabadilishe majina nafasi. Mweke Bi. Zuhura, mchuuzi wa dagaa, mahali pa Profesa Ilunga, na Profesa mahali pake. Sentensi zote mbili zitabaki sahihi. Profesa naye alifanikisha kazi "kwa namna moja ama nyingine", na Bi. Zuhura naye alitoa "ushirikiano usio kifani". Sentensi inayobaki kweli hata ikipewa mtu mwingine haijamshukuru yeyote, kwa sababu haijasema alichofanya. Wanaoitambua hali hii haraka zaidi ni waliotajwa wenyewe. Kila mmoja hulitafuta jina lake, hulikuta, kisha hukuta na sifa ambazo jirani yake amepewa vilevile.

Kisarufi, chanzo ni kiambishi kimoja. Katika "tunamshukuru", nafsi ya kwanza wingi ndiyo mtenda, na anayeshukuriwa ni mtendwa. Ukirudia muundo huo mara kumi na saba, utangulizi mzima unakuwa habari za waandishi wanaoshukuru, wala si habari za watu waliofanya kazi. Viunganishi "aidha", "vilevile" na "kadhalika" havisaidii. Vinaongeza tu kitu kingine cha jinsi ileile juu ya kilichotangulia.

3.0 Walivyofanya Wengine

Katika uandishi unaohusu Kiswahili upo mfano wa zamani unaostahili kuangaliwa. Edward Steere alipochapisha mkusanyo wake wa hadithi za Unguja mwaka 1870, alimtaja katika kurasa za mwanzo msimulizi Hamisi wa Kayi na kumhusisha na hadithi alizozileta, ikiwemo ile ya Sultani Darai, pamoja na kueleza ubora wa lugha yake. Yapo mengi ya kuhoji katika uhusiano wa mmisionari na wasimulizi wake, na hapa si mahali pake. Lakini kimbinu jina hilo limefungwa kwenye hadithi inayosomeka kitabuni, na msomaji wa leo anaweza kurudi kwenye hadithi hiyo akijua ni ulimi wa nani.

Njia ya pili ni ya James Murray, mhariri wa kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oksfodi. Juzuu lake la kwanza, la herufi A na B, lilikamilika mwaka 1888 kwa msaada wa mamia ya wasomaji wa kujitolea waliotuma nukuu kwa vipande vya karatasi. Murray aliwataja pamoja na idadi ya nukuu zao, miongoni mwao Thomas Austin aliyetuma takriban 165,000. Tarakimu inafanya kazi ambayo "mchango mkubwa" hauwezi kuifanya. Ubaya wake ni kwamba inafaa pale tu kazi inapohesabika, na humpunja aliyeleta neno moja lililotegua fumbo.

Ipo pia mipaka ambayo mbinu yoyote ya kinathari haiivuki. Makala ya fizikia iliyochapishwa mwaka 2015 kuhusu uzito wa chembe ya Higgs ilikuwa na waandishi 5,154. Kati ya kurasa zake 33, kurasa 9 tu ndizo zilizokuwa makala yenyewe na marejeleo yake. 24 zilikuwa majina na taasisi zao. Kwa wingi huo masimulizi hayawezekani, na orodha ndiyo heshima pekee iliyobaki. Kazi nyingi za Kiswahili za ukanda wetu, zenye watu kati ya kumi na themanini, ziko mbali na mpaka huo. Zinatosha kusimuliwa.

4.0 Rasimu ya Pili

Tulipoandika upya, tuliacha kabisa kujiuliza nani ashukuriwe. Tulijiuliza kazi ilikwendaje. Tulieleza hatua zake kwa mpangilio wa wakati: kupata vibali, kukusanya maneno, kuyapatanisha, kuyafafanua, kuyachora na kuyahakiki. Jina liliruhusiwa kuingia mahali ambapo bila lenyewe maelezo yangekuwa na pengo. Matokeo yake ni aya kama hii:

"Kazi hii ilikwama mapema kwa sababu ya samaki mmoja mwenye majina mawili. Chausiku, aliyekuwa akikusanya maneno Kigoma, alileta mgebuka. Nduwimana alileta mukeke kutoka Rumonge. Nasi tukaviweka kama vidahizo viwili kwa muda wa miezi minne. Aliyetutoa katika kosa hilo ni Dkt. Nahimana, aliyeweka picha mbili mezani na kutuomba tuzitofautishe. Tangu siku hiyo hakuna jina la samaki lililoingia katika faharasa kabla ya kupita kwake, na ndiyo maana dagaa wa Kigoma na ndagala wa Burundi wamo katika kidahizo kimoja. Maneno ya uanikaji wa dagaa, ambayo ni mengi kuliko tulivyotarajia, ni ya Mama Zuhura. Alikataa kutueleza lolote mpaka tulipokaa naye mchangani asubuhi nzima tukigeuza dagaa kwa mikono yetu."

Aya hii ina majina manne na haina neno "shukrani". Lijaribu kwa kubadilisha majina: Mama Zuhura hawezi kuweka picha mbili za samaki mezani, na Dkt. Nahimana hawezi kuwaketisha watafiti mchangani. Vilevile msomaji amejifunza jambo la mbinu, kwamba majina ya samaki yalihakikiwa na mtaalamu na kwamba yanayofanana kwa maana yameunganishwa. Msomaji asiyewajua watu hawa kabisa bado ana sababu ya kuisoma aya hadi mwisho, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linalomtukuza aliyetajwa. Jina lililo mahali pasiposomwa ni sawa na jina lililoachwa.

Kiswahili chenyewe kinasaidia. Kauli ya kutendwa inaruhusu kazi itangulie na mtu afuate: "Michoro ya mitego ilichorwa na fulani kutoka kwenye vitu halisi, si kwenye picha." Kirejeshi kinaruhusu kutambulisha na kueleza kwa pumzi moja: "Shabani, aliyetuendesha kati ya mialo, ndiye aliyetuonya kwamba neno hilo ni tusi upande wa pili wa ziwa." Tukibadilisha miundo hii, mwanzo wa sentensi unakuwa mara mtu, mara neno, mara mahali, na sikio halichoki. Kikomo tulichojiwekea ni majina matatu katika sentensi moja. La nne linapoingia, sikio linaacha kusikia watu na kuanza kusikia koma.

Swali gumu zaidi lilikuwa la vyeo. Mpangilio wa wakati hauheshimu madaraka: dereva anaweza kutokea katika aya ya pili na mkurugenzi katika ya tatu. Kwa desturi za taasisi zetu hilo si jambo dogo, na mwandishi anayejifanya halioni atarudishiwa mswada. Suluhisho tulilolipata ni kumwomba mkuu wa taasisi aandike dibaji. Humo anasimama mbele ya wote kwa saini yake mwenyewe, na katika utangulizi anabaki na tendo alilolifanya kweli, yaani barua ya kibali iliyotuwezesha kupokelewa na viongozi wa mialo ya nchi mbili zisizo zake. Sentensi moja ilitosha.

Kuhusu vyeo vya kitaaluma, tulikubaliana kwamba cheo kitajwe mara moja, jina linapotokea kwanza, na kiwe kinaeleza umahiri unaohusika. Hapo palizuka hoja ya haki. Tukimwita mmoja Daktari na mwingine Zuhura mtupu, tumepanga watu madaraja bila kukusudia. Ndiyo sababu ya "Mama" na "Mzee" kubaki katika matini, kwa vile ndivyo walivyoitwa kazini na kila mtu, wakiwemo hao madaktari. Wakusanyaji data vijana waliomba wenyewe majina yao yasitanguliwe na kitu.

Kasoro ya mbinu hii sharti isemwe. Masimulizi humpenda mwenye kisa. Mhasibu ambaye hesabu zake hazikuwahi kukosewa hana kisa cha kusimulia, na rasimu yetu ilimruka kabisa hadi mmoja wetu alipogundua. Dawa yake si kumtungia kisa, bali kutazama athari ya kazi yake na kuuliza nini kingetokea kama asingekuwepo. Jibu lilikuwa kwamba watoa taarifa walilipwa posho zao siku ileile ya mahojiano, kwa fedha za nchi zao, na kwamba kwa sababu hiyo walikubali kuhojiwa mara ya pili. Hilo ni jambo la mbinu, na lina jina la mtu.

5.0 Wasiotajwa na Wasiotaka Kutajwa

Katika watu 41, utangulizi wa rasimu ya pili uliwataja 16. Waliobaki, isipokuwa wachache nitakaowaeleza hivi punde, walikwenda kwenye orodha mwishoni mwa kitabu, pamoja na wale 16 pia, kila jina likifuatwa na mahali na kazi kwa maneno yasiyozidi sita. Orodha hiyo haijifanyi kuwa nathari. Inatafutwa kama faharasa inavyotafutwa, na utangulizi unaielekeza kwa sentensi moja. Kuwarudia wale 16 humo ni muhimu. Vinginevyo orodha inasomeka kama daraja la pili la waliokosa nafasi mbele.

Upangaji wa kialfabeti nao una mtego wake. Warundi wengi hawana jina la ukoo linalorithiwa na familia nzima, na upande wa Kongo jina linaloandikwa mwanzo si lazima liwe la ubatizo. Kanuni ya kuanza na "jina la ukoo" na kufupisha mengine kwa herufi iliwapotosha watu sita katika orodha yetu ya kwanza. Baadaye kila mmoja aliandika jina lake kwa mkono wake, kwa mpangilio na tahajia aitakayo, nasi tukalipanga kwa neno alilolianza.

Wapo wasiotaka kutajwa, na sababu zao ni nzito. Faharasa yetu ina istilahi za kokoro, wavu unaovutwa kutoka ufukweni, ambao Tanzania imeupiga marufuku kwa kuwa unazoa samaki wachanga na kuharibu mazalio. Mtu aliyetueleza kwa ufasaha sehemu zake zote na namna ya kuuvuta ametoa elimu, lakini jina lake katika aya hiyo ni ushahidi. Shukrani ingemletea doria. Watoa taarifa watatu tuliwaandika kuwa ni "wavuvi watatu waliotueleza istilahi za kokoro na kuomba wasitajwe", bila mwalo, bila umri. Rasimu yetu ya awali ilikuwa imesema "mzee mmoja fundi wa kokoro" na kuutaja mwalo wake. Mkusanyaji data aliyetoka huko alituambia kwamba katika mwalo ule mzee wa sifa hiyo ni mmoja tu, na kwamba tungeandika jina lake tu ingekuwa sawa.

Hata pasipo hatari ya sheria, idhini inahitajika. Miongozo ya kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba inashauri kupata ruhusa ya maandishi kwa kila anayeshukuriwa, kwa hoja kwamba kutajwa kunaweza kufasiriwa kuwa ameyaridhia matokeo. Hoja hiyo inatuhusu moja kwa moja. Mmoja wa wataalamu wanne wa samaki alihitilafiana nasi kuhusu fasili kadhaa, na alikubali kutajwa kwa sharti kwamba utangulizi useme alihakiki majina ya samaki peke yake, si fasili za zana. Sentensi iliyotokana na sharti lake ni sahihi kuliko zote tulizoziandika.

6.0 Daftari

Yote haya hayawezekani iwapo mwandishi anaanza kukumbuka mwishoni. Katika toleo dogo la majaribio tulilolisambaza mialoni, Mama Zuhura hakuwemo. Hakuachwa kwa dharau. Maneno yake yalikuwa yameingia kwenye kompyuta chini ya jina la aliyeyaandika, na baada ya mwaka mmoja hakuna aliyekumbuka yalitoka kwa nani. Alipopewa nakala, alimpa mjukuu wake atafute jina. Mtoto alipekua mara mbili, kisha akaanza kumsomea maneno ya kuanika, na bibi akawa anamwambia maana kabla hajaifikia.

Tangu hapo kila mkusanyaji alibeba daftari lenye safu tano: tarehe, jina kama mwenyewe anavyoliandika, alichofanya au neno alilolileta, kama anataka kutajwa, na kwa jina gani. Safu ya tatu ndiyo inayoandika utangulizi. Anayejaza "alisaidia" alirudishiwa daftari, kwa sababu neno hilo ndilo mzazi wa "kwa namna moja ama nyingine". Kujaza kulichukua dakika mbili kwa mtu, jioni, kabla kumbukumbu hazijachanganyika.

Hatua ya mwisho ilikuwa kuwasomea kwa sauti waliotajwa zile sentensi zinazowahusu kabla ya kupeleka mswada kiwandani. Kwa waliokuwa mbali tulipiga simu. Wengi walirekebisha mambo madogo: tahajia, mwaka, jina la mwalo. Shabani, dereva, aliisikiliza sentensi yake kuhusu neno lililo tusi upande wa pili wa ziwa, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba onyo lile hakulitoa kichwani mwake. Alikuwa ameambiwa na shangazi yake anayeuza mawese Uvira, usiku ule tulipolala huko. Tulimpigia shangazi, akakubali kutajwa, akatutajia jina lake herufi kwa herufi, na hesabu ya watu wa faharasa ikawa 42.